Gunia Lako Liko Wapi? Kusoma Daftari la Ghala la Mahindi

Sauti: Mtangazaji, Mama mtunza ghala wa kikundi cha wakulima
Muda: Dakika 20

[MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 15. UNASHUKA, MTANGAZAJI ANAINGIA]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wale wanaolima mahindi na kuyaweka katika ghala la pamoja, kama wanavyofanya ndugu zetu wengi kwenye makazi ya magharibi mwa Uganda, kule Rwamwanja, Kyangwali na kwingineko.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwezi wa saba mahindi ni mengi na bei iko chini. Kikundi kinakubaliana kuyaweka pamoja na kungoja. Unapeleka magunia yako matatu, unapewa karatasi, unarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye lori linakuja, mahindi yanauzwa, na hela unayopewa ni ya kilo chache kuliko zile ulizopeleka. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema mtunza ghala ameiba. Mwingine anasema mizani ni mbovu. Wa tatu anasema panya.

Kilo zinaweza kupungua ghalani kwa njia nyingi. Mahindi yanakauka, yanaoza au yanaibwa. Ukiangalia gunia kwa macho huwezi kujua ni ipi. Daftari lililoandikwa vizuri linajua. Leo tutalifungua daftari la kikundi kimoja na kufuata mahindi ya msimu mmoja, kuanzia siku yalipofika mpaka siku yalipoondoka. Majina ya wanachama tumeyaacha. Mama anayetunza ghala hilo yuko nami hapa. Mama, karibu.

MTUNZA GHALA: Asante, mwanangu. Wasalimie wote.

MTANGAZAJI: Tuanze mlangoni, mama. Gunia linafika. Unaandika nini?

MTUNZA GHALA: Kwanza siandiki kitu. Nahesabu. Kila gunia linalopita mlangoni napiga mstari mmoja kwenye karatasi, na lile la tano nakata mistari minne kwa mstari wa kulala. Mwenye mali naye anahesabu kwake. Mwisho tunalinganisha. Tukitofautiana, tunahesabu upya palepale, kabla wachukuzi hawajaondoka. Kesho yake haiwezekani tena, kwa sababu magunia yameshachanganyika na mengine.

MTANGAZAJI: Halafu mizani.

MTUNZA GHALA: Kila gunia peke yake. Wengine hupima moja halafu wanazidisha. Gunia la kilo 50 laweza kuwa na 47 au 53, maana kila nyumba inajaza kwa mkono wake. Nikishapima, nalipa gunia namba ya mzigo kwa wino usiofutika. Mzigo ni yale yote yaliyofika siku hiyo. Kila mwenye mali ana mstari wake ndani ya mzigo: magunia mangapi, kilo ngapi, unyevu kiasi gani, yamewekwa wapi. Anaweka sahihi au dole gumba, anapewa nakala.

MTANGAZAJI: Basi tusome ukurasa wa kwanza. Tarehe 8 Julai, mzigo namba 1, magunia 72, kilo 3,604. Tarehe 11 Julai, mzigo namba 2, magunia 48, kilo 2,396. Jumla magunia 120, kilo 6,000 kamili. Hadi hapo hakuna shida. Shida ilikuja na mzigo namba 3, na ilikuja kwa sababu ya unyevu.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Msikilizaji, mahindi hata yakionekana makavu yana maji ndani yake. Kipimo cha unyevu kinatuambia katika kila kilo 100 za mahindi, kilo ngapi ni maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuuzwa ni maji yasiyozidi asilimia 13.5. Juu ya hapo punje zinapumua kwa nguvu zaidi, zinatoa joto na maji mengine, na kuvu wanapata mahali pa kuota.

Na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao walifariki. Yalikuwa mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa na unyevu. Kwa hiyo ile namba ndogo kwenye safu ya unyevu inahusu bei, na inahusu pia sufuria ya nyumbani.

Mama, unapimaje?

MTUNZA GHALA: Nina bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha na mfereji. Nalichoma gunia mara tatu, juu, katikati na chini, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kwenye bakuli. Nikimaliza nasugua kile kitundu kwa ncha ya bambo ili nyuzi zirudiane. Punje nazichanganya, naweka kwenye mita ya unyevu. Napima mara tatu, nachukua wastani wa hizo tatu.

MTANGAZAJI: Na mita haidanganyi?

MTUNZA GHALA: Inadanganya ukiitumia vibaya. Mita moja inapima mahindi, maharagwe, mtama. Ukisahau kuiweka kwenye mahindi, namba itakayotoka haina maana. Tena mahindi yaliyotoka sasa hivi juani yana moto, yanaipotosha. Nayaacha yapoe kivulini kwanza. Na betri ikianza kufa, namba zinarukaruka.

MTANGAZAJI: Wapo wasio na mita. Nao wanatumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje kufikia theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Lakini sikiliza vizuri: chumvi isipogandamana, inakuambia tu kwamba yako chini ya 15. Haikuambii kama yamefika 13.5. Ukiandika daftarini, andika "chumvi, haikugandamana". Usiandike namba ambayo hukuipima.

Sasa turudi kwenye mzigo namba 3. Tarehe 18 Julai yalifika magunia 36. Kanuni ya kawaida ya kuchukua sampuli inasema hivi: magunia yakiwa 10 au pungufu, choma yote. Yakiwa zaidi ya 10 mpaka 100, choma 10, ukiyachagua huku na huku. Mama alichoma 10. Namba zilikuwa hizi: 12.9, 12.6, 16.4, 12.8, 12.7, 13.0, 12.5, 12.9, 13.1 na 12.6.

Ukizijumlisha na kugawa kwa 10, wastani unakuwa kama 13.2. Chini ya 13.5. Mtunza ghala mwenye haraka angeandika "13.2, yamepokelewa" na kuendelea. Mama, wewe hukufanya hivyo.

MTUNZA GHALA: Ningewezaje? Namba tisa ziko pamoja, moja iko peke yake huko juu. Wastani wa mzigo mzima umelificha lile gunia kama mtoto anavyojificha nyuma ya kanga ya mama yake. Lakini ghalani gunia halikai na wastani, linakaa na maji yake. Nikiliweka katikati ya lundo litapata moto, maji yatapanda yaende kwenye magunia ya juu yake, na nitakuja kugundua siku harufu imetoka.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo?

MTUNZA GHALA: Nikatazama ni la nani. Ni la nyumba moja iliyoleta magunia matatu. Nikayachoma yote matatu: 16.4, 16.1, 16.7. Kumbe walivuna mwishoni, mvua ikawakuta. Tangu siku hiyo nachoma kwa kila mwenye mali, si kwa mzigo mzima. Nyumba ikileta magunia matatu, kanuni yenyewe inasema choma yote matatu. Inachukua muda, ndiyo, foleni inakuwa ndefu, lakini gunia bichi halipiti.

MTANGAZAJI: Daftarini ikaandikwa: yamefika 36, yamepokelewa 33 yenye kilo 1,648, yamewekwa pembeni 3 yenye kilo 150, unyevu 16.4, kwa ajili ya kuanikwa. Yakaanikwa kwenye turubai siku nne. Yalipopimwa tena unyevu ulikuwa 13.0, na mizani ikasema kilo 144.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Hapo mwenye mali akaja.

MTUNZA GHALA: Akaja kweli. Akasema, "Mama, nilileta 150, wewe unaniandikia 144. Kilo zangu sita ziko kwa nani?" Na watu wamesimama wanasikiliza. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba mwanawe aliyesoma akae na mimi tupige hesabu.

MTANGAZAJI: Nasi tuipige hapa hewani, polepole. Mwenye kalamu aichukue.

Unyevu 16.4 maana yake katika kila kilo 100, kilo 16.4 ni maji. Zinazobaki, 83.6, ni mahindi yenyewe. Hizo ndizo zisizokauka. Kwa kilo 150, mahindi yenyewe ni 150 mara 83.6, gawa kwa 100. Jibu ni kilo 125.4.

Sasa baada ya kuanikwa, unyevu ni 13. Maana yake mahindi yenyewe ni 87 katika kila 100. Zile kilo 125.4 hazijaondoka, ila sasa zimebeba maji kidogo. Chukua 125.4, zidisha kwa 100, gawa kwa 87. Jibu ni kilo 144 na kidogo. Mizani ilisema 144. Kwa hiyo kilo sita ziko angani, jua limezichukua.

MTUNZA GHALA: Mtoto alipoipata hesabu, mama yake akacheka. Lakini angalia, mwanangu: kama ningekuwa sikuandika 16.4 siku ya kwanza, ningeipiga hesabu kwa namba gani? Mahindi yameshakauka. Huwezi kuyauliza jana yalikuwa na maji kiasi gani. Na yeye angekwenda nyumbani akijua mimi ni mwizi.

MTANGAZAJI: Na angekuwa na haki ya kushuku. Msikilizaji, ukipeleka mahindi ghalani na karatasi yako haina namba ya unyevu, omba iandikwe kabla hujaondoka. Kilo peke yake ni nusu ya habari.

Tuingie ndani sasa. Mama, ghala lako limepangwaje?

MTUNZA GHALA: Sakafu imechorwa kwa chokaa. Kuna sehemu tatu, A, B na C. Kila sehemu ni lundo moja. Chini kuna chaga za mbao, wengine wanaziita paleti, ili magunia yasiguse simenti na kunyonya maji yake. Kati ya lundo na ukuta naacha njia ya mtu kupita, kama mita moja. Kwa nini? Kwanza ukuta hutoa unyevu. Pili, upande usioufikia huwezi kuuhesabu wala kuuchoma bambo.

MTANGAZAJI: Na ndani ya lundo?

MTUNZA GHALA: Kila tabaka lina magunia 12, si 11, si 13. Tabaka la juu linakalia maungio ya tabaka la chini, kama fundi anavyopanga matofali, maana haya magunia ya plastiki yanateleza. Naishia tabaka la 10. Zaidi ya hapo wachukuzi wanaumia na lundo linaweza kuanguka. Ukipanga hivyo, kuhesabu ni rahisi: matabaka 10 mara 12 ni 120.

MTANGAZAJI: Hapo sasa kila gunia lina anwani. Herufi ya lundo, halafu namba ya tabaka. A-7 ni lundo A, tabaka la saba kutoka chini. Mzigo wa kwanza, magunia 72, ulijaza A-1 mpaka A-6. Mzigo wa pili, magunia 48, ulijaza A-7 mpaka A-10. Lundo A likajaa. Mzigo wa tatu ukaanza lundo B: B-1 na B-2 zikajaa, B-3 ikapata magunia 9, na yale matatu yalipokauka yakaijaza, yakawa 12.

Kwa wanaosoma kipindi hiki kwenye karatasi, mistari ya daftari inaonekana hivi:

8 Julai. Mzigo 1. Magunia 72. Kilo 3,604. Unyevu 12.6 hadi 13.3. Mahali A-1 hadi A-6.
11 Julai. Mzigo 2. Magunia 48. Kilo 2,396. Unyevu 12.7 hadi 13.4. Mahali A-7 hadi A-10.
18 Julai. Mzigo 3. Magunia 33. Kilo 1,648. Unyevu 12.5 hadi 13.1. Mahali B-1, B-2, B-3 (magunia 9).
22 Julai. Mzigo 3, yaliyoanikwa. Magunia 3. Kilo 144. Unyevu 13.0. Mahali B-3 (magunia 3).

Na kwenye kila lundo imefungwa kadi yenye maneno yaleyale kwa lundo hilo peke yake. Kadi na daftari zikitofautiana, kuna jambo la kutafuta siku hiyohiyo.

Mama, mtu atauliza: mahindi yote ni ya kikundi, anwani ya nini?

MTUNZA GHALA: Ngoja nimwambie habari ya paa. Kila wiki mbili nachoma lundo mahali palepale: kona nne na katikati ya kila upande, chini, katikati na juu. Naandika namba pamoja na mahali. Tarehe 25 Julai, A-10, kona ya mashariki, ilikuwa 13.1. Tarehe 8 Agosti, kona ileile, 14.6. Kwingine kote namba zimekaa palepale. Mahindi hayalowi yenyewe kona moja tu. Nikainua macho: tundu la msumari kwenye bati, na mvua ilikuwa imenyesha usiku.

MTANGAZAJI: Kama ungekuwa umeandika tu "lundo A, wastani 13.2"?

MTUNZA GHALA: Nisingeliona mpaka likaoza. Tukatoa magunia mawili ya kona ile. Moja, punje zilikuwa zimeshikana na zina rangi ya kijani. Lile tuliliandika limeharibika, mbele ya wajumbe watatu wa kamati, wakatia sahihi, tukalifukia. La pili ndilo lenye 14.6. Lilikuwa safi, tukalianika, likarudi mahali pake na kilo 49.

MTANGAZAJI: Mlilifukia kabisa? Hata kuku?

MTUNZA GHALA: Hata kuku. Sumu ile inaua kuku, na haitoki kwa kuanika wala kwa kupika. Tena mita yangu inapima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota ukungu ukiyakausha yatasoma 13 vizuri kabisa na bado yana sumu ndani. Ndiyo maana naandika tarehe: nijue yamekaa na maji kwa muda gani.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo tarehe 8 Agosti lundo A likawa na magunia 119, na sababu ya lile moja imeandikwa na ina sahihi tatu.

Kuna jambo jingine ambalo anwani inasaidia, na hili tuseme waziwazi. Lundo linaweza kuibwa kutoka ndani. Magunia ya katikati yanatolewa, ya pembeni yanabaki, na mtu anayesimama chini akihesabu nje anaona lundo zima. Mama, mnajikinga vipi?

MTUNZA GHALA: Wajumbe wa kamati wanapanda juu, kila mwisho wa mwezi. Kila tabaka ni 12, kwa hiyo juu lazima waone 12, na wakanyage yote. Pakibonyea, tunafungua. Na lundo linapopungua, linapungua kwa tabaka zima, kutoka juu. Hakuna kuchimba pembeni wala kutoa moja huku na moja kule.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Tumefika siku ya lori. Tarehe 10 Septemba mnunuzi alikuja kuchukua magunia 100. Mama, ungeweza kuanza na lundo B, liko karibu na mlango.

MTUNZA GHALA: Wachukuzi walitaka hivyo! Lakini yaliyoingia kwanza yatoke kwanza. Yakikaa sana wadudu wanayapata. Sasa kuna jambo watu hawalifikirii: ndani ya lundo moja, yaliyoingia kwanza yako chini kabisa, na huwezi kuyatoa bila kuondoa ya juu. Kwa hiyo kanuni ile unaifuata kwa malundo, si kwa matabaka. Ndiyo sababu sikuweka mzigo wa wiki nyingine juu ya lundo la zamani hata kama kuna nafasi. Mzigo 1 na 2 zimepishana siku tatu, hazina neno. Mzigo wa tatu ukaanza lundo lake.

MTANGAZAJI: Tufuate utoaji. A-10 ilikuwa na magunia 11, kwa sababu moja liliharibika. A-9 kushuka mpaka A-3 ni matabaka saba, kila moja 12, ni 84. Jumla 95. Yakabaki matano kutimiza 100, yakatoka A-2. Kwa hiyo lundo A likabaki na magunia 7 kwenye A-2 na 12 kwenye A-1, jumla 19. Lundo B bado lina 36. Ghala zima, magunia 55.

Sasa jaribu kwa njia nyingine. Yaliingia 72, 48 na 36, jumla 156. Toa moja lililoharibika, toa 100 yaliyoondoka. Yanabaki 55. Hesabu ya daftari na hesabu ya macho zimekutana. Zisipokutana, lori lisiondoke.

Magunia yametimia, lakini kilo je? Kwa uzito wa siku yalipopokelewa, yale magunia 100 yalikuwa kilo 5,000. Siku ya lori mizani ilisema 4,958. Zimepungua kilo 42. Mama, hapo ndipo watu hushikana mashati.

MTUNZA GHALA: Hawakushikana, kwa sababu kabla ya kupakia nilichoma tena. Yalipoingia, wastani wa lundo A ulikuwa 13.1. Siku ya kutoka ulikuwa 12.4. Agosti na upepo wake vimeyakausha.

MTANGAZAJI: Hesabu ni ileile. Unyevu 13.1, mahindi yenyewe ni 86.9 katika 100. Kwa kilo 5,000 ni kilo 4,345. Unyevu 12.4, mahindi yenyewe ni 87.6 katika 100. Chukua 4,345, zidisha kwa 100, gawa kwa 87.6. Jibu ni 4,960. Kwa hiyo kukauka kumekula kilo 40. Zinabaki kilo mbili katika magunia 100: punje zilizomwagika kwenye vitundu vya bambo, na mizani kupishana kidogo. Hakuna wa kuulizwa.

Lakini hesabu hii inakata pande zote mbili. Tuseme mizani ingesema 4,850. Zimepungua 150. Mtunza ghala anasema, "Yamekauka." Unyevu unasema kukauka hakuwezi kuzidi kilo 40. Zile 110 ni zaidi ya magunia mawili, na lazima zitafutwe: labda punje zimeliwa na wadudu, na hilo litaonekana kwa unga na matundu, au kuna mkono umefungua magunia na kupunguza. Mtunza ghala mwaminifu analindwa na namba hiyo, na asiye mwaminifu hana pa kujificha.

Mama, zile kilo 40 na lile gunia lililooza, nani analipa?

MTUNZA GHALA: Sisi tulikubaliana kabla ya msimu, tukaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Maji yanayokauka kabla ya kupokelewa ni ya mwenye mali: yule mama analipwa kwa 144. Yanayopungua baada ya kupokelewa, na yanayoharibika kwa kosa la ghala kama paa, tunagawana wote kwa kilo zetu. Kikundi kingine kinaweza kukubaliana vingine. Ila mkubaliane wakati ghala ni tupu, maana likishajaa kila mtu anatetea gunia lake.

MTANGAZAJI: Kwenye mstari wa kutoka kukaandikwa: tarehe, magunia 100, kilo 4,958, unyevu 12.4, yametoka A-10 hadi A-3 na matano ya A-2, namba ya gari, sahihi ya dereva, sahihi ya mtunza ghala, sahihi ya mjumbe. Kadi ya lundo A ikabadilishwa palepale: yamebaki 19. Palepale, kabla ya chai. Kadi inayosubiri mpaka jioni hujazwa kwa kukumbuka, na kukumbuka si kuhesabu.

Basi, msikilizaji, wewe ambaye si mtunza ghala, una haki ya kuuliza mambo manne. Magunia yangu ni kilo ngapi? Yalikuwa na unyevu gani siku ile? Yako lundo gani, tabaka la ngapi? Na mara ya mwisho mahali hapo palichomwa bambo lini, pakasoma ngapi? Mtu akikujibu kwa kufungua daftari, unaweza kwenda na kuona mwenyewe. Akikujibu kwa kumbukumbu, mwombe alifungue.

Mama, tunakushukuru.

MTUNZA GHALA: Asante, mwanangu. Na wale wanaosema hawakusoma, waambie mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Kuhesabu mpaka 12 kunatosha kuanza.

MTANGAZAJI: Wiki ijayo tutazungumza juu ya wadudu wa ghalani, fukusi na dumuzi, na namna ya kuwatambua kabla hawajageuza mahindi kuwa unga. Wenye maswali kuhusu kipindi cha leo, yaandikeni na kuyaacha kwenye sanduku la barua mlangoni pa studio. Mimi ni mtangazaji wenu. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA, UNAPANDA, UNAISHA]